Mkupuo wa mstaafu na gari: anza na pensheni ya mwezi, bei ifuate

Baba yangu mdogo alistaafu akanunua gari la milioni 28. Mwaka wa pili lilikaa miezi saba chini ya mwembe hapo Kiloleni, matairi yakiisha upepo, kwa sababu pensheni haikutosha mafuta. Mkewe alipolazwa, liliuzwa milioni 15 kwa haraka. Tangu hapo, kila mstaafu anayekuja ofisini kwangu hapa Tabora akisema anataka gari, simkatazi. Mtu aliyetembea kwa daladala na baiskeli miaka 35 ana haki ya kuendesha. Ninachomwomba ni tuanze hesabu kwenye pensheni ya mwezi kabla hajaniambia bei.

Niwaeleze kwa mfano wa mwalimu mmoja wa hapa mjini, jina naliweka pembeni. Alifanya kazi miezi 420, na wastani wa mshahara wake kwa miaka mitatu bora ulikuwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Kikokotoo cha watumishi wa umma kinagawa miezi ya utumishi kwa 580, kisha kinazidisha kwa mshahara huo wa mwaka. Kwa Mwalimu inakuja 10,427,000 hivi. Kiasi hicho kinazidishwa mara 12.5, na asilimia 40 yake ndiyo mkupuo, fedha anayolipwa kwa mara moja anapostaafu: shilingi milioni 52 na laki moja. Asilimia 60 inayobaki ya pensheni ya mwaka inagawanywa kwa miezi 12, akapata 521,000 kila mwezi.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Kwa anayelipwa asilimia 40, mkupuo ni sawasawa na pensheni ya mwezi mara 100. Zidisha 521,000 kwa 100 utaona. Kwa hiyo gari la milioni 32 alilokuwa analitaka Mwalimu, RAV4 ya mtumba, lilikuwa pensheni yake ya miezi 61. Nilipomwambia hivyo alinyamaza. Mkewe, aliyekuwa kakaa pembeni, akauliza, "Na madirisha ya nyumba, baba?"

Basi tukaanza upya. Mimi huwa naweka mpaka huu: mafuta, bima na matengenezo, vyote kwa pamoja, visizidi theluthi ya pensheni ya mwezi. Mpaka huo si wa sheria, nimeupata kwa kuona nani aliuza gari na nani bado analo. Kwa Mwalimu theluthi ni kama 174,000. Nikamuuliza anakwenda wapi. Mizunguko ya mjini, ibada, na shamba lake upande wa Sikonge, kwenda na kurudi kilomita 120. Alitaka kwenda shambani kila wiki. Tukakubaliana mara moja kwa mwezi kwa gari lake, safari nyingine apande basi. Jumla ikawa kilomita 300 kwa mwezi.

Kwa RAV4 inayokula lita moja kwa kilomita 9, hizo ni lita 33, na kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita ni kama 100,000. (Angalia bei kikomo ya EWURA ya wilaya yako, si ya Dar es Salaam, huku bara mafuta yanasafiri mbali na bei inaonyesha.) Bima kubwa kwa asilimia 3.5 ya thamani, pamoja na VAT, ni 1,321,600 kwa mwaka, yaani 110,000 kwa mwezi. Matengenezo nikaweka 80,000. Jumla 290,000, zaidi ya nusu ya pensheni, na bado hawajala.

Toyota IST ya milioni 13, ikienda kilomita 13 kwa lita, inahitaji 69,000 ya mafuta, 45,000 ya bima kubwa na 50,000 ya matengenezo. Jumla 164,000. Inaingia ndani ya theluthi.

Wengine huniambia wakate bima ndogo waokoe. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, gari lako halimo. Mwenye akiba nono anaweza kubeba hatari hiyo. Kwa mstaafu ambaye gari lake ni robo ya mali yake yote ya fedha, siishauri.

Sasa akiba, na hapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa kuliko bei inavyoonyesha. Nikampangia IST kwa milioni 15 zote: 13 za muuzaji, 2 za kuhamisha umiliki, bima ya mwaka wa kwanza, matairi na kufanyiwa sevisi. Milioni 7 madirisha na sakafu. Zikabaki 30. Kati ya hizo, milioni 6, karibu pensheni ya mwaka mzima, zikae mahali pa kutolewa ndani ya siku chache, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS. Milioni 2 ni za giaboksi au injini, maana gari la mtumba halitoi taarifa. Milioni 22 ziende kwenye hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba kila baada ya miezi sita.

Nikichukulia faida ya asilimia 10 kwa mwaka, kwa mfano tu, milioni 22 zinaleta 183,000 kwa mwezi. Gari linakula 164,000. Yaani fedha aliyoibakiza inalilisha gari, na pensheni inabaki ya nyumbani. Kwa RAV4, ukitoa milioni 34, yaani bei na zile 2 za gharama za mwanzo, kisha 7 za madirisha na sakafu na akiba ile ile ya 8, zinabaki milioni 3. Hizo zinaleta 25,000 kwa mwezi dhidi ya gari linalotaka 290,000. Kila milioni unayoongeza kwenye bei inalizidishia gari njaa, na wakati huo huo inapunguza shamba la kulilisha.

Wanaoagiza Japani wasome bei vizuri: hata ile ya mtandaoni inayojumuisha gari kufika bandarini ni kabla ya kodi. Kodi inahesabiwa kwa thamani ya TRA, si risiti yako, na gari lenye miaka 8 au zaidi lina nyongeza ya uchakavu. Ingiza gari lako kwenye kikokotoo cha tovuti ya TRA kabla ya kutuma hata senti.

Anayenunua hapa hapa aende na fundi wake, si wa dalali. Injini iwashwe ikiwa ya baridi. Mfuniko wa oili ukifunguliwa ukakuta utando mweupe kama maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili, ondoka. Namba ya chesisi ilingane na kadi, na kadi ikiwa na jina la benki pamoja na la mwenye gari, kuna mkopo haujaisha.

Kuna na lile wazo la "kijana atalifanyia teksi, litajilipa". Mwalimu alilileta pia. Likifanya biashara, bima yake ni nyingine, leseni ya LATRA inahitajika, na kilomita 300 za mwezi zinaisha ndani ya siku chache. Hesabu ya kila siku huletwa miezi ya mwanzo, kisha zinaanza habari za bushi na shokapu. Nikamwomba aliondoe kwenye mahesabu kabisa, akakubali.

Alinunua IST ya rangi ya fedha, milioni 12 na laki 8 baada ya kuvutana. Madirisha yaliwekwa wiki ile ile.