Shangazi, hii ndiyo sababu linki inakuandikia "private"

Shikamoo shangazi. Nimeiona skrinshoti yako ya ile video ya Babu niliyoiweka YouTube. Naomba radhi mapema, kwa sababu kosa ni langu na simu yako haina ubaya wowote. Usiizime na kuiwasha tena, na usiwape watoto waanze kufutafuta vitu. Nakuandikia badala ya kukutumia sauti ili ukifika kwenye hatua uwe unarudi kusoma, na binamu zangu wakiuliza swali hilihili uwatumie meseji hii.

Kwenye skrini yako pameandikwa "This video is private", na chini yake "Sign in if you've been granted access to this video". Sentensi ya kwanza inasema video hii ni ya faragha. Ya pili inasema ingia kwenye akaunti yako, kama umepewa ruhusa ya kuitazama. Watu wengi wakishaona hiyo ya kwanza huishia hapo na kunung'unika, kumbe dawa imeandikwa kwenye ya pili.

Uliniuliza kama linki imekatika njiani. Haijakatika. Kila video ya YouTube ina alama zake 11, herufi na namba zilizochanganyika, na ndizo zinazokaa ndani ya linki. Ingepungua hata moja, YouTube isingejua unaulizia video gani, nayo ingekujibu kwamba video haipatikani. Ikikuambia ni ya faragha, maana yake imeiona, inajua ndiyo unayoitaka, ila inakunyima. Kwa hiyo hata nikikutumia linki ileile mara kumi, jibu litakuwa lilelile.

Linki inafanya kazi ya kumwelekeza mtu njia ya kufika kwenye nyumba. Akifika mlangoni ni habari nyingine, inategemea mwenye nyumba ameagiza nini. Mwenye video anaweza kuagiza mambo matatu. Akiweka Public, mlango uko wazi kwa kila mtu, na video inatokea hata mtu akitafuta kwa jina. Akiweka Unlisted, video haionekani kwenye utafutaji wala kwenye ukurasa wake, lakini yeyote mwenye linki anaingia bila kuulizwa. Akiweka Private, mlangoni kuna mlinzi mwenye orodha, na orodha hiyo ni ya anwani za imeili. Linki unayo, sawa, lakini mlinzi anataka kujua wewe ni nani.

Watu huzichanganya hizi mbili za mwisho, nami nilizichanganya. Video ya Babu akisimulia niliiweka Private nikidhani maana yake ni "wasioitwa wasiione, niliowatumia linki waione". Hiyo ni maana ya Unlisted. Kabla ya kuwatumia niliijaribu linki kwenye simu yangu, ikafunguka vizuri kabisa, nikaridhika. Sikukumbuka kwamba simu yangu imeingia kwenye akaunti ileile iliyopakia video, na mwenye video hazuiwi kwenye mlango wake mwenyewe. Ningeifungua kwenye dirisha la faragha la kivinjari, lile lisilojua akaunti ya mtu, ningeona maneno yaleyale uliyoyaona wewe, na ningejua hata kabla ya kuituma kwenye grupu la familia.

Sasa ruhusa yenyewe. Kuna mtu mmoja tu wa kuitoa, naye ni mwenye akaunti iliyopakia video. Wewe hapo ulipo hakuna kitufe cha kuombea ruhusa. Najua umezoea mafaili ya Google Drive, ambako ukizuiwa unabonyeza "Request access" na mwenye faili anapata taarifa. Kwenye YouTube hakuna kitu hicho, lazima umpigie simu au umwandikie mhusika, kama ulivyoniandikia mimi.

Jana usiku nilifungua kompyuta nikaingia studio.youtube.com. Upande wa kushoto kuna Content, na ndani yake zimo video zangu zote. Nikafungua ya Babu, nikabonyeza kisanduku cha Visibility, nikachagua "Share privately". Hapo panatokea nafasi ya kuandika imeili za wageni. Nikaandika yako, ya baba, na za wengine waliokwisha kunitumia, nikaacha alama ya tiki kwenye "Notify via email" ili kila mtu apate barua ya mwaliko, kisha nikahifadhi. Video inabaki kuwa Private kama mwanzo, linki haibadiliki hata herufi moja, ila orodha ya mlinzi sasa ina majina.

Upande wako ndiko kwenye kazi kidogo, na nina hakika ndiko ulikokwama asubuhi hii uliponiambia "bado".

Wewe una akaunti mbili, shangazi. Ipo ile uliyofungua mwenyewe zamani, ndiyo uliyonipa, na ndiyo niliyoiandika. Halafu ipo nyingine ambayo fundi alikufungulia siku ulipopata simu hii mpya, kwa sababu hukukumbuka neno la siri la ile ya kwanza. Simu yako inaingia YouTube kwa hii ya pili. Mlinzi anaangalia orodha, anaona jina la akaunti ya kwanza, anamwona mgeni mwenye akaunti ya pili, anakataa. Hajali kwamba zote ni za mtu mmoja.

Fungua programu ya YouTube yenyewe, usipitie kwanza kwenye linki. Bonyeza ile duara yenye picha yako au herufi ya kwanza ya jina lako. Utaona jina la akaunti inayotumika. Bonyeza pale pa kubadilisha akaunti, pameandikwa "Switch account". Akaunti zote mbili zikiwepo, chagua ile ya zamani, halafu rudi WhatsApp ubonyeze linki. Video itafunguka hapohapo.

Kama ya zamani haimo kwenye simu na neno la siri limepotea kweli, usihangaike kulitafuta kwa ajili ya video moja. Niandikie tu anwani ya hiyo akaunti mpya, herufi kwa herufi, niiongeze kwenye orodha. Nukta katikati ya anwani ya Gmail hazina athari, ziwepo zisiwepo ni anwani ileile, lakini herufi moja ikikosewa nitakuwa nimemwalika mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana nakuomba uniandikie, usinitajie kwa simu.

Tena jambo moja dogo linalosumbua. Wakati mwingine ukibonyeza linki ndani ya WhatsApp inafunguka kwenye kivinjari badala ya programu ya YouTube, na kivinjari huenda hakijaingia kwenye akaunti yoyote. Hapo utaona maneno yaleyale ya faragha hata kama umealikwa. Dalili yake ni kitufe cha "Sign in" kikionekana juu ya ukurasa. Kikiwepo, mlinzi hajakukataa, bado hajakuona. Ingia hapo kwa akaunti iliyoalikwa. Televisheni nayo ni hivyohivyo, inabidi iingie kwa akaunti iliyo kwenye orodha, na kama anayeitumia kila siku ni mjukuu, basi inayotumika ni akaunti ya mjukuu.

Baba ameniuliza kwa nini nisibadilishe tu iwe Unlisted tukamaliza kelele. Ni kweli ingekuwa rahisi: hakuna imeili, hakuna kuingia, hata asiye na akaunti anatazama. Lakini linki ya Unlisted ni ufunguo unaonakiliwa bure. Mmoja wetu akiituma kwenye grupu lingine kwa furaha tu, watu nisiowajua wataitazama, na mimi sitajua. Na Babu kuanzia dakika ya 14 anataja watu kwa majina na nani alimkopa nani. Wengine wako hai. Kwenye Private, ukimtumia linki mtu asiye kwenye orodha haimfai kitu, na nikitaka kumwondoa mtu nafuta imeili yake tu. Hata hivyo haizuii mtu kuielekezea skrini simu nyingine akairekodi, hilo tuelewane.

Private ina mipaka yake pia. Orodha haipokei zaidi ya imeili 50 kwa video moja, na kila aliyemo lazima awe na akaunti ya Google. Sehemu ya maoni haipo, kwa hiyo mnaotaka kumwandikia Babu neno la shukrani itabidi mliweke kwenye grupu. Sisi tukihesabu na wajukuu tunakaribia hiyo 50, kwa hiyo nimealika watu wazima tu, mmoja kwa kila nyumba. Nadhani hiyo inatosha, ingawa dada yangu hajafurahi.

Halafu ile video nyingine uliyoniulizia, ya mkutano wa ukoo wa 2014, ambayo unasema ulikuwa ukiifungua miaka yote bila shida kisha siku moja ikageuka kuwa ya faragha. Hiyo si kwamba binamu amekufungia kwa ubaya. Mwaka 2017 YouTube waliimarisha usalama wa linki mpya za Unlisted, na mwezi wa saba 2021 video za Unlisted zilizopakiwa kabla ya 2017 wakazigeuza kuwa Private, isipokuwa mwenyewe aseme ziachwe. Binamu alitangulia kusahau kwamba anayo hiyo video, sembuse kusoma barua ya kumtaarifu. Mimi siwezi kuifungua kwa sababu haimo kwenye akaunti yangu. Mwombe yeye aingie Studio kwa akaunti aliyopakilia, akualike kama nilivyofanya mimi. Kama naye hakumbuki aliipakia kwa akaunti gani, muulize kama faili lenyewe bado lipo kwenye kompyuta au diski yake, alipakie upya.

Kwa sasa nasubiri hiyo anwani. Na ukifanikiwa kubadilisha akaunti, nipige picha ya skrini yoyote itakayotokea, hata kama ni ileile, ila safari hii ile duara yenye herufi ionekane kwenye picha.