Ringi za bimu sio za kushikia nondo tu, na ule ufa wa mshazari karibu na nguzo sio wa plasta

Ringi ni vile vyuma vyembamba vilivyokunjwa kuzunguka nondo nene za bimu. Mwezi huu peke yake nimeambiwa mara tatu, na mafundi wawili na mwenye nyumba mmoja, kwamba "injinia, ringi kazi yake ni kushika nondo zisicheze wakati wa kumwaga zege". Kwa hiyo zikipungua mbili tatu eti hakuna shida, ukiweka za milimita 6 badala ya 8 hakuna shida, nondo nene si zipo chini? Jamani hapana. Kushika nondo ni kazi ya pembeni kabisa ya ringi.

Chukua godoro la sponji, ubavuni mwake chora mraba kwa kalamu, halafu shika upande mmoja usukume juu na mwingine usukume chini. Ule mraba unalala, kona mbili zinavutwa zikiachana na mbili zinabanana. Ndo kinachotokea kwenye bimu karibu na nguzo, maana nguzo inasukuma juu na mzigo wa slabu unasukuma chini, na hiyo ndiyo shia. Sasa zege ukilibana ni jabali, ila ukilivuta ni dhaifu, uwezo wake wa kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ule wa kubanwa. Kwa hiyo linachanika kukatisha ule mstari unaovutwa, na ndo maana ufa unatoka mshazari, unaanzia chini karibu na nguzo unapanda kuelekea katikati ya bimu.

Zile nondo nene za chini zimelala, ufa huo unazipita tu hapo chini na hazina cha kuushikia huko juu. Kinachoukatisha ufa ni miguu ya ringi iliyosimama, kila mguu umeshika kipande cha chini na kipande cha juu kama uzi unaoshona kitambaa kilichochanika. Na ringi haizuii ufa usianze, kabla ya ufa inakuwa haijabeba kitu cha maana. Kazi inaanza zege likishapasuka, hapo ndo inavutwa na bimu inabaki imesimama. Bila ringi, ufa kutokea na bimu kuanguka vinaweza kufuatana bila nafasi katikati.

Tupige hesabu ya bimu ya kawaida ya nyumba ya ghorofa. Urefu mita 5, upana sentimita 23, kina 45, nondo tatu za milimita 16 chini, na kutoka juu ya bimu hadi kwenye hizo nondo ni sentimita 40. Imebeba tani 20 zilizosambaa sawasawa (nyongeza ya usalama imo humo humo), maana yake kila nguzo inapokea tani 10. Ukisogea sentimita 40 kutoka kwenye nguzo shia imeshuka hadi kama tani 8.4, ukifika katikati haipo kabisa. Zege peke yake, daraja 25 lililochanganywa vizuri, linabeba kama tani 5 tu. Hizo zinazobaki ni za ringi. Ringi moja ya milimita 8 ya nondo laini, miguu miwili, inabeba kama tani 2.4. Ukizipanga kila sentimita 20, ufa wa mshazari unakutana na mbili, jumla na zege ni kama tani 9.8, umevuka. Weka sasa za milimita 6 kwa nafasi ile ile, ringi moja inashuka hadi tani 1.3 na ushee, jumla inaishia 7.7 na mzigo ni 8.4. Milimita 2 hizo zimekula karibu nusu ya nguvu ya ringi! Na ukiziachanisha sentimita 40 ufa unaweza kupita katikati ya ringi mbili bila kugusa hata moja, ndo maana viwango vingi vinakataza kuzidisha robo tatu ya kile kina cha hadi kwenye nondo, kwa bimu hii sentimita 30.

Huyo mwenye nyumba aliyenipigia alinitumia picha wasap, akasema plasta imepasuka, rangi ndo kwanza imepigwa. Nikaenda. Ufa ulianzia kama kiganja kimoja kutoka kwenye nguzo ukapanda mshazari. Tukabandua plasta, ufa uko kwenye zege lenyewe, unaendelea upande wa pili wa bimu kwa mlalo ule ule. Tukachimba kidogo kutafuta ringi, ya kwanza tukaikuta sentimita 35 kutoka kwenye uso wa nguzo. Fundi alikuta nondo za nguzo zimesongamana pale, ringi haziingii, akaruka. Zingine zote kuelekea katikati amezipanga vizuri kabisa, yaani pale ambapo shia ni ndogo. Ringi ya kwanza inatakiwa iwe kama sentimita 5 tu kutoka kwenye uso wa nguzo. Mimi kabla ya zege huwa naomba chaki, naweka alama kwenye nondo kuanzia nguzoni, fundi anafunga ringi kwenye alama, hakuna kupima kwa shubiri.

Mengine nayasema kwa kifupi. "Ringi zibanane katikati kwa sababu ndipo bimu inapopinda": kupinda ni kazi ya nondo za chini, kwa bimu yenye mzigo uliosambaa ringi zinabanana mwishoni. "Bimu imeonyesha ufa, zote ni hatari sawa": hapana, vinyufa vyembamba vilivyosimama wima chini katikati ya bimu, visivyozidi milimita 0.3, ni vya kawaida, zege la nondo linafanya kazi hivyo. "Fundi bomba anatoboa kidogo tu": akitoboa karibu na nguzo na akakata ringi ameondoa kile kile kilichobeba. Na zile ncha za ringi zikunjwe ziingie ndani ya zege, ukiziacha zimekunjwa pembe mraba tu zege la nje likibanduka ringi inafunguka.

Kuhusu kusubiri kuona kama ufa utaongezeka, tarehe 30 Septemba 2006 huko Laval, Kanada, daraja la juu la Concorde lilianguka ghafla likaua watu 5. Lilivunjika kwa shia, kwenye zege nene lisilo na ringi. Vipande vya zege vilikuwa vimeanguka muda mfupi kabla, mkaguzi akaja akaangalia, daraja halikufungwa.

Kwa hiyo ukiuona ufa wa mshazari kwenye bimu, usizibe na plasta. Toa watu chini na juu yake, punguza mzigo (matofali, tenki la maji), weka mirunda imara chini ya bimu upande wa ufa unaoelekea katikati, ikanyage ardhi ngumu, na kama chini kuna slabu nyingine endeleza mirunda hadi chini kabisa. Iguse bimu tu, usiiinue. Halafu mwite injinia. Yule wa wasap tuliweka mirunda siku ile ile, bimu tukaivalisha zege jipya lenye ringi za milimita 10 kila sentimita 15 kuanzia nguzoni, na mirunda ikakaa mwezi mzima.