Mtoto akianguka kituoni: namna ya kumwandikia mzazi

Malalamiko ya wazazi yanayoifikia ofisi yetu ya ustawi wa jamii hapa Tabora mara nyingi hayahusu kuanguka kwenyewe, kwa kuwa mtoto anayejifunza kutembea ataanguka tu, bali yanahusu karatasi ya kituo cha kulelea watoto iliyoandikwa “amepata ajali ndogo, msiwe na wasiwasi”. Maneno hayo hayamtulizi mzazi, wala hayamsaidii mganga atakayempokea mtoto usiku pale hospitali ya Kitete. Tunawaomba walezi waandike hivi:

“Wapendwa wazazi, tunasikitika kuwajulisha kwamba leo saa 4:20 asubuhi mwanenu alipanda kiti cha plastiki, akateleza na kuangukia sakafu ya saruji kutoka kimo cha takriban sentimita 35. Mlezi aliyekuwa karibu alimwona. Alilia papo hapo, hakupoteza fahamu, na alipobebwa alitulia. Ana uvimbe wa sentimita mbili kwenye paji la uso, upande wa kulia. Tuliuwekea kitambaa cha maji baridi kwa dakika 10. Saa 4:30 tulimpigia mama simu. Baadaye alikunywa uji wote, hakutapika, akacheza na wenzake. Tunampa pole sana, na tungependa kujua ameamkaje.”

Kimo kinatajwa kwa sababu kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kuanguka kutoka zaidi ya sentimita 90 humfanya mganga achukue tahadhari zaidi. Upande wa uvimbe nao una maana yake: uvimbe wa paji la uso ni wa kawaida, lakini ulio kisogoni au pembeni mwa kichwa unahitaji kuonwa na mganga hata kama mtoto anacheza. Iwapo alisukumwa na mwenzake, andikeni kwamba alisukumwa, bila kumtaja mwenzake.

Barua iwe na nakala mbili, moja ibaki katika daftari la matukio, kwa kuwa afisa anayekagua kituo chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 atataka kuiona. Mzazi atie sahihi zote mbili. Tumekwisha kueleza mara nyingi kwamba sahihi hiyo inathibitisha kupokea taarifa tu, wala haimwondolei mzazi haki ya kulalamika. Kukataa kusaini hakumlindi mtoto.

Vilevile, wazazi, acheni kuukanda uvimbe kwa maji ya moto, na msimkeshe mtoto kwa kuamini kwamba akilala atazimia. Mtoto aliye katika hali yake ya kawaida aachwe alale, ila usiku huo mwamsheni mara moja au mbili muone kama anawatambua. Akitapika tena na tena, akiwa mgumu kuamka, akipata degedege, akilia bila kubembelezeka, au akitokwa na majimaji yasiyo na rangi au damu puani au masikioni, mpelekeni hospitali usiku huohuo, na barua ya kituo mwende nayo.