Kidude cha kung'ata: tunayoandika kwenye tangazo na ukweli wake

Nauza vitu vya watoto, na tangazo lililonisumbua kuliko yote niliwahi kuliandika mwenyewe, la kidude cha kung'ata cha mtoto anayeota meno: "Hushusha homa ya meno, salama 100%, umri wowote."

Dhana: kinashusha homa ya meno. Kuota meno humtoa mtoto udenda, humwasha fizi na kumfanya alialie. Homa ya nyuzi 38 na zaidi, au kuharisha, ina chanzo kingine, na kwetu Tanzania huenda ikawa malaria. Mama aliyeamini tangazo anasubiri jino siku mbili badala ya kwenda zahanati. Imani hiyohiyo ndiyo iliyozaa dhana ya "meno ya plastiki", watoto wakachimbwa fizi ili kung'oa vijino vilivyodhaniwa kuleta homa. Basi andika kile tu kidude kinachofanya: "Cha kung'ata fizi zinapowasha."

Dhana: umri ni makadirio, mwenye duka anaweza kuuvuta. Umri unahusu kukabwa kuliko akili ya mtoto. Vitu vya walio chini ya miaka 3 hupimwa kwa kikopo chenye upana wa milimita 31.7, kipande kinachozama humo chote kinaweza kumkaba. Nakili umri ulioandikwa kwenye pakiti, usiushushe hata mwezi. Ukiona kialama cha uso uliokatwa mstari wenye 0-3, yaani hakifai walio chini ya miaka 3, usiandike "kuanzia miezi 6" kwa vile tu wateja ndicho wanachouliza.

Dhana: chochote cha mtoto kinachemshwa. Hapa ndipo wateja huniuliza zaidi. Mteja alichemsha chenye maji ndani, kikavimba, mshono ukaachia, akakirudisha kinachuruzika. Kosa lilikuwa langu: niliandika "osha vizuri", basi. Cha silikoni tupu, isiyo na kitu ndani, mara nyingi huvumilia kuchemshwa, lakini fuata dakika alizotaja mtengenezaji. Chenye maji au jeli huoshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha hupozwa kwenye friji, si kwenye friza. Cha mbao hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu na kukaushwa, ukikiloweka kinapasuka.

"Haina BPA", yaani kemikali inayotumika kwenye baadhi ya plastiki, pia haimaanishi salama. Silikoni haitengenezwi kwa BPA, kwa hiyo unasifia chumvi kwa kukosa sukari. Na mkufu wa meno, ule mtoto anaovaa shingoni, usiuuze kabisa: Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu mikufu ya meno, ikitaja mtoto wa miezi 18 aliyenyongwa na mkufu wa kaharabu akiwa usingizini.

Tangazo langu sasa linasomeka hivi:

"Kidude cha kung'ata, silikoni tupu. Umri: miezi 3 na zaidi, kama pakiti inavyosema. Osha kwa sabuni kabla ya kutumia. Chemsha dakika 5, acha kipoe. Kikague kila mara, kikichanika au kunata kitupe. Mtoto akikitumia uwe karibu. Usikifunge shingoni wala usimlaze nacho."