Mtoto anayetembelea vidole: tazama kisigino

Kwenye kliniki ya fiziotherapia ya watoto, wazazi wa watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu hutuletea malalamiko mawili kila mara. Wapo wanaosema mtoto anatembea kwa ncha za vidole kama anayenyatia, na wapo wanaosema vidole vyake vinatazama ndani na anajikwaa ovyo. Wengi wa watoto hao hawana ugonjwa wowote. Kazi yetu ni kumpata yule mmoja ambaye anao.

Nianze na vidole. Mtoto anayejifunza kutembea huinua visigino mara kwa mara, leo sana, kesho kidogo. Hadi miaka miwili hivi hilo ni la kawaida, na anapokaribia miaka mitatu kisigino hutakiwa kuwa ndicho kinachotangulia kugusa chini. Swali la kwanza si anatembeaje, bali ni je, kisigino kinaweza kushuka?

Hilo unaweza kulichunguza nyumbani. Mwache acheze pekupeku, umtazame anaposimama na akili yake ipo kwenye mchezo: nyayo zinalala chini zote? Akichuchumaa kuokota mpira, visigino vinabaki chini? Kisha mlaze chali, goti limenyooka, shika kisigino na usukume wayo taratibu kuelekea kwenye muundi. Mguu na wayo vikifika umbo la herufi L na wayo ukapita hapo kidogo bila shida, msuli wa shavu la mguu una urefu wa kutosha. Ukigoma kabla ya L, msuli umefupika, na mtoto huyo aonwe na mtaalamu. Usilazimishe. Wala usikunje goti, kwa sababu goti likikunjwa msuli hulegea na kukudanganya.

Tuchukue watoto wawili wa miaka miwili na nusu. Wa kwanza ni mvulana aliyeanza kutembea akiwa na miezi 13. Anainua visigino vyote viwili, lakini akisimama anavishusha, anachuchumaa vizuri, wayo unapita L, anaongea na kucheza kama wenzake. Huyu hatumpi viatu maalumu. Tunamwambia mama amwachishe kigari cha kutembelea kama bado anakitumia, amchezeshe kutembea kwa visigino na kupanda mlima mdogo, kisha amrudishe baada ya miezi sita tupime tena kifundo.

Wa pili ni msichana anayeinua kisigino cha mguu wa kulia tu. Mama yake anasimulia kwa furaha kwamba ni mashoto tangu anatambaa. Hapo ndipo tunaposimama. Mtoto wa chini ya mwaka hutumia mikono yote miwili. Akiuchagua mmoja mapema hivyo, huenda ule mwingine haufanyi kazi sawasawa. Tunaangalia mkono wa kulia na kuukuta umekunja ngumi anapokimbia. Mguu mmoja pamoja na mkono wa upande uleule hutufanya tufikirie mtindio wa ubongo wa upande mmoja, hasa kama alizaliwa njiti, alichelewa kulia au alipata manjano kali. Anaandikiwa rufaa siku hiyohiyo. Kisigino kimoja kinaweza pia kuinuka kwa sababu nyonga imetoka mahali pake na mguu umekuwa mfupi. Hilo nalo ni la daktari wa mifupa.

Kuna mtoto mwingine asiyefaa kusubiri: mvulana aliyekuwa anatembea vizuri, kisha akaanza kuinua visigino, anaanguka zaidi, ngazi zinamshinda, na akiinuka kutoka sakafuni anajishika mapajani kama anayejipanda. Mashavu ya miguu yake huwa manene na magumu. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa kurithi wa misuli, na uchunguzi huanza kwa kipimo cha damu.

Vidole vinavyotazama ndani vina habari nyepesi zaidi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, mara nyingi ni muundi uliojipinda: magoti yanatazama mbele, nyayo zinatazama ndani. Hunyooka wenyewe, kwa kawaida kufikia miaka minne au mitano. Baadaye chanzo huwa paja, magoti yakitazamana, na hilo hupungua hadi miaka minane au kumi. Kumvalisha kiatu cha kulia mguu wa kushoto hakugeuzi mfupa, wala buti nzito. Tunamwona haraka kama ni mguu mmoja tu, kama kuna maumivu au kuchechemea, kama hali inazidi, au kama alifikisha miezi 18 bila kutembea.

Udhaifu wa mguu uliotokea ghafla, hata kama ni baada ya homa au sindano ya makalio, usingoje kesho: mpeleke kituo cha afya siku hiyo.

Ukija, lete kadi ya kliniki na video fupi ya simu, mtoto akitembea pekupeku kwa mbele na kwa nyuma. Mbele ya daktari wengi hutembea vizuri kuliko nyumbani.