Barua kuingia si ushahidi kwamba zitatoka

Wiki hii nimeambiwa tena: "Fundi, mipangilio iko sawa kabisa, mbona barua zinaingia? Seva ndiyo mbovu." Safari hii ilikuwa ofisi ya utalii huku Njiro, Arusha. Dada wa mapokezi alikuwa ameshabadilisha nywila mara tatu, na kila mara ilibidi airudie kwenye kompyuta, kwenye simu yake na kwenye simu ya bosi. Barua kumi na moja zilikuwa zimekwama kwenye Outbox, mojawapo ikiwa bei ya safari ya Serengeti ambayo mteja alikuwa akiisubiri tangu Jumatatu.

Naomba tuelewane hapa kwanza. Kupokea na kutuma ni kazi mbili tofauti. Kupokea kunapitia IMAP, kwa kawaida poti 993, yaani mlango wa namba hiyo kwenye seva. Kutuma kunapitia SMTP, ambayo ina jina lake la seva, poti yake na chaguo lake la usimbaji fiche. Mara nyingi ina hata sehemu yake ya kujaza jina na nywila. Unaweza kupatia kila kitu upande mmoja na kukosea upande wa pili, na programu isikuambie lolote mpaka siku utakapobonyeza kutuma. Barua zikiingia, umethibitisha kwamba unapokea. Pia umethibitisha kwamba nywila yenyewe ni sahihi, kwa sababu akaunti ni ileile, hata kama upande wa kutuma inaweza kuwa imeandikwa vibaya. Kwa hiyo kubadilisha nywila ndilo jambo la mwisho kabisa la kufanya, nalo ndilo kila mtu analoanza nalo!

Nilimuuliza, "Dada, ni kitu gani kimebadilika hapa ofisini mwezi huu?" Akasema hakuna. Bosi akaitikia kutoka chumba cha pili kwamba walikuwa wamehamia faiba ya kampuni nyingine. Nusu ya jibu ilikuwa hapo.

Akaunti yao ilifunguliwa zamani ikiwa inatuma kwa poti 25. Poti hiyo ni ya seva kupelekeana barua zenyewe kwa zenyewe, lakini kwa miaka mingi watu waliitumia pia kutoka kwenye kompyuta zao na ikakubali. Watoa huduma wengi wa intaneti huifunga kwa wateja, kwa sababu kompyuta yenye kirusi huitumia kumwaga barua taka moja kwa moja duniani. Laini yao ya zamani iliiachia, mpya haikuiachia. Seva ya barua haikuwa na kosa lolote.

Nusu ya pili ilitoka kwa mpwa wa bosi. Alisoma mahali kwamba poti 25 hufungwa, akaweka 465, na hapo alikuwa sahihi. Ila kwenye kisanduku cha usimbaji fiche akachagua `STARTTLS`, kwa sababu neno hilo lina TLS, jina la usimbaji fiche wenyewe, ndani yake na linaonekana la kisasa kuliko `SSL/TLS`. Hapa ndipo ninapochoka. Watu wanaliona chaguo hili kama kipimo cha ubora, kwamba hili ni salama zaidi na lile kidogo. Sivyo. Linasema ni nani anayeanza kuzungumza, na kwa lugha gani.

Kwenye poti 587 mazungumzo yanaanza wazi. Kompyuta inaunganishwa, inanyamaza, na seva inatangulia kusalimu kwa mstari unaoanza na `220`. Kompyuta inajitambulisha, kisha inatoa amri ya `STARTTLS`, na kuanzia hapo ndipo usimbaji fiche unapowashwa. Kwenye poti 465 ni kinyume. Usimbaji fiche unatangulia kabla ya neno lolote, na anayetakiwa kuanza ni kompyuta. Seva inakaa kimya ikingoja.

Sasa changanya, kama alivyofanya yule kijana. Poti ni 465, kwa hiyo seva inangoja kompyuta ianze. Chaguo ni `STARTTLS`, kwa hiyo kompyuta inangoja salamu ya seva. Wote wawili wamekaa kimya, kila mmoja kwa adabu zote akimngoja mwenzake, mpaka muda unakwisha. Kwenye skrini dada anaona mstari wa kutuma ukienda taratibu, unasimama, kisha ujumbe kwamba seva haijajibu. Anahitimisha kwamba seva imekufa, na simwoni wa kulaumiwa kwa hilo.

Ukikosea kwa upande mwingine, yaani 587 na `SSL/TLS`, kosa linatokea mara moja. Kompyuta inaanza kwa usimbaji fiche, seva inajibu kwa maandishi ya kawaida, na kompyuta inajaribu kuyasoma yale `220` kana kwamba ni TLS. Kwenye zana za mafundi unakutana na maneno `wrong version number`. Ukiyaona, usihangaike na matoleo ya TLS wala cheti. Badilisha chaguo tu. Na ukiweka 587 bila usimbaji wowote, seva iliyopangwa vizuri itakataa kupokea nywila yako, mara nyingi kwa jibu la `530` linalotaka `STARTTLS` kwanza. Kukataa huko ni kwa faida yako.

Jambo moja vitabu hulipita haraka: ukitazama ujumbe wa muda kuisha peke yake, huwezi kujua kama poti imefungwa au kama wawili wanangojeana. Dalili ni ileile. Kwa hiyo sikisii. Kwenye Windows nilifungua PowerShell nikaandika hivi, jina la seva nikiwa nimelibadilisha hapa:

```
Test-NetConnection mail.example.com -Port 25
Test-NetConnection mail.example.com -Port 465
```

Ya 25 ilirudi `TcpTestSucceeded : False`. Ya 465 ilirudi `True`. Basi njia iko wazi, kilichobaki ni chaguo. Hata hivyo hiyo `True` nayo siiamini moja kwa moja, kwa sababu inasema mlango umefunguliwa, haisemi aliyeufungua ni nani. Nimewahi kukuta programu ya kuzuia virusi imekaa katikati na kujibu kwa niaba ya seva. Penye `openssl` napenda kumalizia hivi:

```
openssl s_client -connect mail.example.com:465
openssl s_client -starttls smtp -connect mail.example.com:587
```

Ukiona cheti chenye jina la seva yako, na aliyekitoa ni mtoa vyeti anayeaminika, si programu ya kuzuia virusi, umefika kwa mwenyewe.

Kati ya 465 na 587, kwa miaka mingi niliwaambia wateja 465 imepitwa na wakati, maana kweli iliondolewa kwenye orodha rasmi mwishoni mwa miaka ya 1990. Januari 2018, waraka wa viwango vya intaneti RFC 8314 uliirudisha na kuipendekeza. Sasa naiweka kwanza, kwa kuwa hakuna kipande cha mazungumzo kinachopita wazi. Lakini 587 ikiwa na `STARTTLS` ya lazima siibomoi kwa mtu ambaye barua zake zinatoka. Kinachonitia wasiwasi ni zile programu zenye chaguo la "ikiwezekana". Mtu akikaa katikati ya njia na kuificha `STARTTLS`, programu kama hiyo inaweza kuendelea wazi bila kukuuliza.

Pale Njiro niliacha 465, nikabadilisha `STARTTLS` kuwa `SSL/TLS`, nikahakikisha alama ya seva ya kutuma kuhitaji nywila imewekwa. Kabla sijabonyeza kutuma nilimwomba dada afungue Outbox kwanza, kwa sababu zote kumi na moja zingeondoka kwa mkupuo. Alifuta tatu ambazo alikuwa ameshazituma kwa WhatsApp, moja ikiwa na bei ya zamani. Nane zilizobaki zilitoka ndani ya dakika moja.