Kusoma Vmax na Km kwenye mkunjo wa kasi: kwa nini kilele unachokiona si Vmax

Ukipima kasi ya kimeng'enya kwenye ukolezi mbalimbali wa sabstreti, kisha ukachora kasi hizo kwenye grafu, unapata mstari unaopanda haraka mwanzoni, unaopinda, halafu unaonekana kulala. Mkunjo huo ndio unaobeba namba mbili tunazozitafuta. Vmax ni kasi ambayo kimeng'enya kingefikia kama molekuli zake zote zingekuwa zimeshikwa na sabstreti muda wote. Km ni ukolezi wa sabstreti unaoipa kasi nusu ya Vmax. Leonor Michaelis na Maud Menten, walipochunguza kimeng'enya kinachovunja sukari ya miwa mwaka 1913, waliueleza mkunjo wa namna hii kwa mlinganyo ambao tunautumia mpaka leo:

```
v = Vmax × [S] / (Km + [S])
```

Hapa v ni kasi ya mwanzo na [S] ni ukolezi wa sabstreti. Weka [S] iwe sawa na Km, na utaona v inakuwa nusu ya Vmax. Ndiyo maana Km hutajwa kwa vipimo vya ukolezi, kwa mfano milimola kwa lita, ilhali Vmax hutajwa kwa vipimo vya kasi.

Ugumu hauko kwenye mlinganyo, uko kwenye kusoma. Wengi huweka rula juu ya nukta ya juu kabisa na kuiita Vmax, wanaigawa kwa mbili, kisha wanashuka hadi kwenye mhimili wa x kusoma Km. Njia hii hutoa namba zilizo chini ya ukweli kila mara, na tofauti yenyewe si ndogo. Tuifuate kwa mfano mmoja.

Kasi hupatikanaje

Tuchukue fosfatasi alkalini, kimeng'enya kinachokata kundi la fosfeti. Sabstreti inayotumika sana kukipima ni p-nitrofenili fosfeti, ambayo haina rangi. Ikikatwa hutoa p-nitrofenoli, ambayo kwenye pH ya alkali huwa ya njano na hufyonza mwanga wa nanomita 405. Kwa hiyo spektrofotometa inatuonyesha zao likiongezeka papo hapo.

Andaa akiba ya sabstreti ya milimola 20. Katika kila kyuveti ya sentimita 1 weka sabstreti na bafa ya pH 10 mpaka zifike mikrolita 950, kisha anzisha mmenyuko kwa mikrolita 50 za kimeng'enya. Mikrolita 5 za akiba zitakupa milimola 0.1 kwenye mililita moja, na mikrolita 100 zitakupa milimola 2.0. Kinachobadilika ni sabstreti peke yake. Kimeng'enya lazima kiwe kiasi kilekile kila mara, na joto libaki palepale, kwa sababu Vmax hufuata kiasi cha kimeng'enya. Ukikiongeza maradufu, Vmax huongezeka maradufu na Km inabaki ilivyo. Tofauti ndogo za pipeti kwenye zile mikrolita 50 zitaonekana kwenye grafu kama nukta zinazoruka juu na chini ya mkunjo bila mpangilio.

Andaa pia kyuveti isiyo na kimeng'enya kwa kila ukolezi. Sabstreti hii huvunjika yenyewe polepole, na akiba iliyokaa huwa tayari ina unjano. Kasi utakayoiona kwenye kyuveti hiyo inatolewa kwenye kasi ya kyuveti yenye kimeng'enya.

Mashine inakupa ufyonzaji dhidi ya muda, na kasi ni mteremko wa mstari huo pale unapoanza. Kwenye pH 10, mola moja ya p-nitrofenoli kwa lita ina ufyonzaji wa takriban 18,000 kwa kila sentimita. Kwa hiyo ufyonzaji ukipanda kwa 0.216 kwa dakika, gawanya kwa 18,000 na utapata mikromola 12 kwa lita kwa dakika. Namba hiyo ya 18,000 ni ya pH ya alkali tu. Karibu na pH 7 sehemu kubwa ya p-nitrofenoli haina unjano, na anayeitumia huko atapata Vmax ndogo mno hata kama kimeng'enya chake ni kizima.

Mfano wenyewe

Tuseme vipimo vimetoka hivi. Ni namba za kufundishia, zimetengenezwa kutoka kwenye kimeng'enya ambacho Vmax yake tunaijua kuwa mikromola 60 kwa dakika na Km yake milimola 0.40.

| [S], milimola | v, mikromola kwa dakika | [S]/v |
|---|---|---|
| 0.1 | 12 | 0.0083 |
| 0.2 | 20 | 0.0100 |
| 0.4 | 30 | 0.0133 |
| 0.8 | 40 | 0.0200 |
| 1.6 | 48 | 0.0333 |
| 2.0 | 50 | 0.0400 |

Chora safu mbili za kwanza na mkunjo utaonekana umeanza kutulia: kutoka 1.6 hadi 2.0 kasi imeongezeka kwa 2 tu. Mwenye haraka atasema Vmax ni 50. Nusu yake ni 25, na kwenye mkunjo kasi ya 25 inaangukia milimola 0.29. Amepoteza sehemu ya sita ya Vmax na zaidi ya robo ya Km, ingawa vipimo vyake havina kosa lolote.

Sababu ni kwamba mkunjo huu husogelea Vmax bila kuifikia, na husogea polepole mno. Sabstreti ikiwa mara 5 ya Km, kasi ni asilimia 83 ya Vmax. Ikiwa mara 10, ni asilimia 91. Ili kufika asilimia 95 unahitaji mara 19, na asilimia 99 inahitaji mara 99. Mara nyingi sabstreti haiyeyuki kiasi hicho, au ni ghali, au kwa wingi huo huanza kukizuia kimeng'enya chenyewe. Kwa hiyo Vmax haisomwi kwa macho, hukokotolewa kutokana na umbo la mkunjo mzima.

Kwa kalamu na karatasi, njia tunayoipendekeza ni grafu ya Hanes. Weka [S] kwenye mhimili wa x na [S]/v, ile safu ya tatu, kwenye mhimili wa y. Mlinganyo ukipangwa upya hivyo huwa mstari ulionyooka:

```
[S]/v = Km/Vmax + [S]/Vmax
```

Mteremko wake ni moja gawanya kwa Vmax. Kwenye jedwali letu, kutoka nukta ya kwanza hadi ya mwisho, y inapanda kwa 0.0317 wakati x inasogea kwa 1.9, hivyo mteremko ni 0.0167, na moja gawanya kwa hiyo ni 60. Mstari unaukata mhimili wa y kwenye 0.0067. Zidisha kwa 60 na unapata Km ya 0.40. Ukiurefusha mstari kwenda kushoto hadi ukate mhimili wa x, utaukata kwenye −0.40, yaani Km ikiwa na alama ya kutoa. Namba zile zile zilizompa mtu 50 na 0.29 sasa zimetoa jibu sahihi.

Nukta ya chini ndiyo inayodanganya zaidi

Grafu inayofundishwa zaidi ni ya Lineweaver na Burk ya mwaka 1934, inayochora 1/v dhidi ya 1/[S]. Kihesabu haina kosa, lakini inazipa uzito mkubwa nukta za sabstreti kidogo, na hizo ndizo ngumu kupima.

Angalia kyuveti ya milimola 0.1. Ina mikromola 100 za sabstreti, na kimeng'enya kinakula 12 kwa dakika. Ndani ya dakika moja zaidi ya sehemu ya kumi imekwisha, na kasi imeshaanza kushuka. Ukichukua wastani wa dakika tatu na nusu utapata takriban 10 badala ya 12, na fosfeti inayotolewa, ambayo nayo huzuia kimeng'enya hiki, inaweza kuishusha zaidi. Mstari wa ufyonzaji utaonekana umenyooka vya kutosha kwa jicho lisilo na mashaka.

Weka 10 kwenye jedwali badala ya 12, acha nukta nyingine zote kama zilivyo, na pitisha mstari bora. Grafu ya Lineweaver na Burk itakupa Vmax ya 72 na Km ya 0.59. Grafu ya Hanes itakupa 61.5 na 0.45. Kosa ni lile lile, kwenye nukta moja tu kati ya sita. Programu ya kompyuta inayolinganisha mlinganyo wa kwanza moja kwa moja na vipimo, bila kupindua namba, ndiyo chaguo bora zaidi. Hata hivyo, chora nukta juu ya mkunjo uliolinganishwa na uzitazame kabla ya kuandika jibu.

Dawa ya kosa lenyewe iko kwenye muda. Soma kila sekunde 5 na utumie sekunde 30 za kwanza. Kwenye kyuveti ya chini kabisa utakuwa umetumia asilimia 6 ya sabstreti, na kwenye ya juu kabisa ufyonzaji utakuwa umepanda kwa 0.45, ambao mashine inausoma vizuri. Ukiacha kyuveti hiyo ya juu iende dakika tano, ufyonzaji utapita 4. Hapo mwanga unaofika kwenye kigunduzi ni kidogo mno, na mstari utalala kwa sababu ya mashine, si kwa sababu ya kimeng'enya. Ukiona mstari wa muda umepinda ndani ya sekunde 30, punguza kimeng'enya kwa nusu na upime upya. Kasi zote zitapungua kwa nusu, ila Km haitabadilika. Ikibadilika, kuna kitu kingine kinachopimwa.

Pale mkunjo unapokataa

Tazama umbo kabla ya kukokotoa. Kasi ikipanda kisha ikaanza kushuka sabstreti inapozidi, kimeng'enya kinazuiwa na sabstreti yake, na kwenye grafu ya Hanes nukta za kulia zitajikunja kwenda juu ya mstari. Kulazimisha mstari mmoja hapo hutoa Vmax isiyo ya kweli. Mkunjo ukianza kwa kulala, kisha ukainuka kwa kasi kama herufi S, kuna uwezekano kimeng'enya kina sehemu kadhaa za kushika sabstreti zinazoathiriana. Ukolezi wa nusu ya kasi unaweza kusomwa, lakini hauitwi Km.

Hata mkunjo mzuri unahitaji nukta pande zote mbili za Km. Nukta zote zikiwa chini yake, grafu ni karibu mstari ulionyooka, nao unakupa uwiano wa Vmax kwa Km tu, si kila moja peke yake. Pima kwanza ukolezi mitatu iliyoachana mbali, kadiria Km, kisha panga majaribio kamili kuanzia robo ya Km hadi angalau mara tano yake. Ukiripoti, andika pia pH, joto, bafa na kiasi cha kimeng'enya. Kama kyuveti yetu ilikuwa na kimeng'enya cha mikromola 0.01 kwa lita, Vmax ya 60 inamaanisha kila molekuli inakata sabstreti 6,000 kwa dakika, yaani 100 kwa sekunde, na namba hiyo ndiyo inayoweza kulinganishwa na ya maabara nyingine iliyopima katika hali hizo hizo.